Mwaliko wa mapatano: barua moja kwa wawili, au kila mmoja yake?

Karani wa Ibanda: Habari zenu. Kwenye depo yetu ya dawa hapa Bukavu, mtunza stoki na mhasibu hawasemezani tangu hesabu ya mwisho wa mwezi ilipokosana na fishi za stoki. Mpatanishi wa nje amepatikana, mimi ndiye wa kuandika mwaliko. Nisaidieni kuchagua: barua moja yenye majina mawili, barua mbili zinazofanana, au shefu awaite kwa mdomo? Nimeanza hivi: "Kufuatia malalamiko ya mhasibu, mnaombwa kufika ofisini kwa shefu..."

Mama Nyawera: Barua mbili, maneno yaleyale, zifike saa ileile. Kwenye barua moja kuna anayetajwa wa kwanza, na wa pili atauliza kwa nini.

Ila mwanzo wako ndio utaharibu. "Malalamiko ya mhasibu" imeshamfanya mwingine mshitakiwa, atakuja na mafaili ya kujitetea. Na ofisini kwa shefu ndiko watu hupewa adhabu. Tafuteni chumba kingine. Mimi ningeandika:

"Ndugu yetu, hesabu ya stoki imeleta kutoelewana kati yako na mwenzako. Tunawaalika wote wawili kuzungumza mbele ya mpatanishi asiye wa depo. Hataamua nani ana haki. Kwanza atakuona peke yako, na mwenzako vilevile. Unaweza kukataa, na hilo halitaandikwa kwenye faili lako. Mjibu mpatanishi mwenyewe kabla ya Ijumaa. Mwenzako amepata maneno hayahaya."

Hilo la faili, shefu akubali kwanza, usiliahidi bure.

Fundi Kadutu: Barua inatisha, mama. Mtu akiona karatasi ya kazi anajua ameombwa maelezo, kesho anafukuzwa. Kwa mdomo ni bora.

Mama Nyawera: Hofu hiyo ni ya kweli, papa. Basi karani ampe kila mmoja mkononi, amwambie si barua ya adhabu. Lakini shefu akiongea mwenyewe, mmoja atapewa maneno mengi, mwingine machache, na jioni watalinganisha.

Kijana wa Panzi: Mimi bosi hanilipi masaa ya ziada. Naye nimwandikie hivyo?

Mama Nyawera: Hapana, mwanangu. Hilo ni deni, lipeleke kwa mkaguzi wa kazi.

Fundi Kadutu: Karani, dawa zenyewe zimepotea ao ni kosa la kuandika?

Karani wa Ibanda: Katoni mbili za amoksisilini hazionekani. Shefu anasema ni kuandika vibaya. Mhasibu anasema sivyo.

Mama Nyawera: Basi usitume bado. Wahesabu upya na mtu wa tatu. Kama kuna wizi, mpatanishi si mpelelezi, na atakayesema ukweli mbele yake atajiona ametegwa.

Fundi Kadutu: Hapo sikubali. Wakingoja hesabu, chuki itakomaa. Mpatanishi awaone kila mmoja peke yake wiki hii, katoni zitafutwe pembeni.

Karani wa Ibanda: Nimefuta "malalamiko" na "ofisini kwa shefu". Kuhusu kungoja, kesho asubuhi nitamuuliza mpatanishi kabla ya kuchapa chochote.