Naomba ushauri: fosforasi haina uhusiano wa kimaeneo kwenye gridi ya mita 80, je, naweza kupanua nafasi?

Mchoraramani:
Habari zenu wanajukwaa. Nina shamba la takribani hekta 41 ambalo limepimwa kwa gridi ya mraba, nafasi ya mita 80, jumla ya sampuli 64, kila moja ikiwa ni tundu moja la sentimita 0 hadi 20. Kabla ya kupanga awamu ya pili, nimejaribu kuona kama thamani za udongo zinahusiana kulingana na ukaribu wa vituo, kwa kutumia kipimo cha Moran na mabadilishano nasibu 999, nikihesabu kuwa majirani ni vituo vyote vilivyo ndani ya mita 120. Kwa pH nimepata 0.46 na p ya 0.001. Kwa fosforasi, baada ya kuichukulia logi kwa sababu ilikuwa na mkia mrefu kulia, nimepata 0.04 na p ya 0.20.

Msimamizi wangu anasema kwamba, kwa kuwa pH ina uhusiano wenye nguvu na fosforasi haina mpangilio wowote, tunaweza kwenda hadi mita 160 bila hasara. Sina uhakika kama hoja hiyo inasimama. Lengo letu ni ramani ya mbolea, na maabara itapokea sampuli zisizozidi 200.

Kokoto:
Ikiwa fosforasi imetawanyika bila mpangilio, basi hata gridi huihitaji. Chukua vituo nasibu, tafuta wastani na kosa lake sanifu, kazi imekwisha. Sampuli 64 ulizo nazo zinatosha kabisa.

Mchoraramani:
Ahsante, ndugu Kokoto, lakini wastani wa shamba zima tunao tayari. Tunachotaka ni kujua sehemu ipi ipewe mbolea zaidi na ipi ipunguziwe.

Mzee wa Tabaka:
Ndugu Mchoraramani, hoja ya msimamizi wako haisimami kwa upande wowote kati ya hizo mbili.

Tuanze na fosforasi. Katika gridi yako hakuna jozi hata moja ya vituo iliyo karibu zaidi ya mita 80. Majirani uliowahesabu wako ama mita 80 kwa pembeni ama mita 113 kwa mshazari. Kwa hiyo swali ulilouliza data ni hili: vituo vilivyoachana mita 80 au zaidi vinafanana kuliko vingine? Jibu ni hapana. Kuhusu kinachotokea kati ya mita 0 na 80 data yako haina la kusema, na huko ndiko fosforasi hupenda kubadilika. Kukosa uhusiano katika umbali huo ni dalili kwamba gridi yenyewe huenda ni pana mno. Hakukupi ruhusa ya kuipanua.

Kwa pH, jiulize kama shamba lina mteremko. Thamani zikipanda taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kipimo cha Moran kitakuwa kikubwa hata kama hakuna kufanana kwa karibu zaidi ya mwelekeo huo mkuu. Uondoe kwanza, kisha ujaribu masalia:

```r
library(spdep)
nb <- dnearneigh(xy, 0, 120)
lw <- nb2listw(nb, style = "W")
lm.morantest(lm(ph ~ x + y, data = d), lw)
```

Hakikisha `xy` iko katika mita, si digrii.

Baada ya hapo ongeza vituo vya karibu kabla ya kuamua lolote. Chagua vituo 12 kati ya 64 kwa nasibu. Kutoka kila kimoja songa mita 5 kuelekea upande wowote uchukue sampuli, kutoka hapo songa 15, kisha 40. Utapata sampuli 36 mpya, na jumla itafika 100, ambayo kwa wengi ndiyo idadi ya chini ya kuchora variogramu inayoaminika. Mbinu ya kupima kwa umbali unaokua hivi si ngeni; Youden na Mehlich waliitumia kwenye udongo mwaka 1937.

Jembe Kali:
Naongeza jambo moja kutoka kwenye kazi yangu. Sisi mbolea ya fosforasi iliwekwa kwenye mistari ya kupandia, na tundu moja likiangukia mstarini linatoa thamani tofauti kabisa na tundu la hatua moja kando. Tulipoanza kuchanganya matundu matano kwa kila kituo, kelele ilipungua sana. Ila usichanganye mbinu mbili ndani ya variogramu moja: vituo vyako vya zamani ni tundu moja, basi na hivi 36 viwe tundu moja.

Mchoraramani:
Narudi na matokeo. Mteremko upo, na masalia ya pH yameshuka kutoka 0.46 hadi 0.11, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule uhusiano ilikuwa ni mteremko. Variogramu ya logi ya fosforasi, kwa sampuli zote 100, imetoa hivi katika `gstat`:

```
  model psill range
1   Nug  0.12     0
2   Exp  0.21    22
```

Pima Mbili:
Kanuni ni nusu ya masafa ya variogramu. Masafa yako ni mita 22, hivyo nafasi ni mita 11. Kwa hekta 41 hizo ni sampuli zaidi ya 3,000. Sahau ramani.

Mzee wa Tabaka:
Kanuni ni sahihi, namba siyo. Kwa modeli ya `Exp`, safu ya `range` haionyeshi mahali mkunjo unapotulia. Mkunjo hufikia asilimia 95 ya kimo chake kwenye takribani mara tatu ya namba hiyo, yaani mita 66. Nusu yake ni 33. Ingekuwa `Sph`, namba ingesomwa kama ilivyo. Na mita 66 zinaeleza vizuri kwa nini gridi ya mita 80 haikuona kitu.

Mchoraramani:
Mita 33 zinahitaji sampuli zipatazo 376. Kwa 200 ninafikia mita 45 tu.

Mzee wa Tabaka:
Basi tazama sehemu mbaya kuliko zote, katikati ya mraba. Kwenye gridi ya mita 80 sehemu hiyo iko mita 57 kutoka kituo cha karibu, na uhusiano uliobaki ni kama asilimia 8 ya ile sehemu yenye mpangilio, hivyo krigingi itakurudishia karibu wastani mtupu. Kwenye mita 45 umbali ni 32 na kinachobaki ni kama asilimia 24. Kwenye 33 ni asilimia 35. Mita 45 si nzuri, lakini si upuuzi.

Jembe Kali:
Mimi ningegawa shamba katika kanda kwa kufuata mteremko na historia ya mbolea, kila kanda ipate sampuli mchanganyiko chache. Asilimia 24 ni ndogo mno kumlipisha mtu sampuli 200.

Mzee wa Tabaka:
Sikubaliani moja kwa moja, kwa sababu fosforasi haifuati mteremko kama pH inavyofanya, na historia ya mbolea mara nyingi haikuandikwa. Kabla ya kubishana zaidi, Mchoraramani, rudia modeli huku ukitoa kituo kimoja kati ya vile 12 pamoja na vitatu vyake, kwa zamu. Jozi za mita 5 ni 12 tu, na ndizo zinazoshikilia mwanzo wa mkunjo. Ile 22 ikicheza kati ya 20 na 25, mita 45 zinajadilika. Ikicheza kati ya 12 na 40, ongeza jozi za karibu kwanza, gridi isubiri.

Mchoraramani:
Nimetoa vituo vinne hadi sasa, na namba imekwenda 19, 24, 21 na 31. Hiyo ya 31 imetokea nilipotoa kituo kilicho karibu na lango la shamba. Naendelea na vilivyobaki.

Jembe Kali:
Karibu na lango? Uliza kama samadi ilikuwa ikirundikwa hapo.