Naomba ushauri: kwini yuko mkononi, gemu inaisha sare

Jamani salaam, niko Malindi nafundisha vijana chesi hapa mtaani. Tatizo ni sare ya kukwama: mfalme mweusi yuko peke yake a8, kwini mweupe anaenda b6, cheki hakuna lakini a7, b7 na b8 zote zimefungwa, basi aliyekuwa ashashindwa anapata nusu pointi, inauma kweli! Nawaambia kwini akae d7, mweusi atembee a8 na b8 tu, wamlete mfalme wao b6 ndo wamalize kwa kwini b7. Saa ikibaki sekunde chache wanasahau. Je, kitunda kikifika mwisho wachukue ngome, maana hiyo ikikaa b6 haipigi kimshazari na a7 inabaki wazi, ama itawachelewesha?