Akaunti ya matangazo imefungiwa na msimu wa wageni ndio huu, niwaandikie nini hawa watu?

Mtembezi256:
Wakuu habari za jioni. Niko Kampala hapa, kazi yangu ni kupeleka wageni kuona masokwe kule Bwindi, kampuni ndogo tu, mimi na dereva na gari moja. Wageni karibu wote wananipata kwa matangazo ya kulipia, yale yanatokea juu mtu akitafuta kitu mtandaoni, kampuni yenyewe mnaijua sitaji jina sitaki matata. Juzi nafungua akaunti nakuta ukanda mwekundu, imefungiwa, sababu wameweka `Circumventing systems`, yaani eti nakwepa mifumo yao, hakuna onyo hakuna nini. Juni mpaka Septemba ndio wageni wanakuja na ada ya watoto inatoka hapo hapo. Mwenye barua ya rufaa iliyowahi kukubaliwa anitumie niikopi nibadilishe jina tu. Mimi sijafanya kosa lolote.

Mama_Gomesi:
Pole sana mwanangu. Hata mimi walinifungia ukurasa wangu wa gomesi, sio huko, ni mtandao mwingine, nililia bambi. Mtoto wa jirani ndiye alinisaidia, sijui alibonyeza wapi ukarudi. Jaribu kuingia na VPN, si unajua Facebook yenyewe hapa imefungwa tangu Januari 2021 na bado tunauza kila siku. Na usali pia.

Fundi_Matangazo:
Mama, yeye anaulizia akaunti ya matangazo sio ukurasa, na hiyo VPN tutairudia maana inaweza kuwa sehemu ya ugonjwa.

Mtembezi, barua ya kukopi haitakusaidia. Hiyo sababu uliyopewa ni katika zile nzito, wanafunga papo hapo bila onyo, ni kweli. Lakini haiji yenyewe. Mara nyingi ni moja ya haya: websaiti inamwonyesha mkaguzi ukurasa mmoja na mteja mwingine, au imedukuliwa inafanya hivyo bila wewe kujua, au ulikuwa na akaunti nyingine ikafungiwa ukaja kwa mlango wa nyuma. Yako ni ipi?

Mtembezi256:
Websaiti ni safi, alitengeneza binamu yangu, anajua kazi. Sasa barua nianze na Dear Sir au? Nilitaka niitume leo usiku.

Afande_Mstaafu:
Anza na "Waheshimiwa, wageni wanakuja na masokwe wanawasubiri wamevaa tai". Watafungua wakicheka.

Fundi_Matangazo:
Nauliza tena na usinizungushe. Hii akaunti iliyofungiwa ni ya ngapi?

Mtembezi256:
Sawa, ni ya pili. Lakini ile ya kwanza haina uhusiano na hii! Ilifungiwa mwezi wa tatu, waliandika mambo ya malipo yenye mashaka, nikaona kubishana nao ni kupoteza muda nikafungua nyingine kwa imeili ya mke wangu. Kadi ilikuwa ya shemeji yupo Nairobi, yeye mwenyewe alinipa kwa roho safi, hajaibiwa mtu. Na akaunti ya pili nililipa vizuri, sina deni hata senti. Sasa kosa liko wapi? Biashara ni yangu, mke ni wangu, hela ni zangu.

Na niseme tu ukweli, kuna kijana anauza akaunti za matangazo zilizokomaa, nimeshampa advansi laki 3, anasema hizo hazifungiwi kamwe. Kwa hiyo rufaa naitaka kama spea tu.

Kijana_wa_Ntinda:
Kaka hapo ulipigwa kwa sababu ya laptopu na waifai ileile. Hawa wanakushika kwa IP. Nunua laini mpya, simu nyingine, futa kila kitu kwenye brauza, kadi mpya, halafu fungua ya tatu ukiwa mtaa mwingine kabisa. Mimi nilikaa nayo wiki mbili bila shida.

Mama_Gomesi:
Na baada ya wiki mbili?

Kijana_wa_Ntinda:
Walifunga. Lakini niliuza.

Fundi_Matangazo:
Kijana ana nusu ya ukweli. Wanaunganisha akaunti kweli, na kifaa ni moja ya njia, ila kuna kadi, namba ya simu, anwani ya malipo, na kubwa kuliko zote ni websaiti. Huyu bwana atabadilisha simu na laini, tangazo litampeleka mgeni wapi? Websaiti ileile. Kwa hiyo ya tatu itafungwa, na hata ya huyo muuzaji, siku ukiweka anwani ya websaiti yako humo basi. Tena hiyo akaunti "iliyokomaa" ina historia ya mtu mwingine usiyemjua, deni lake na dhambi zake unarithi wewe.

Sasa sikiliza. Kosa la akaunti ya pili ni kule kufunguliwa kwake tu, wakati ya kwanza bado imefungwa. Kulipa vizuri hakubadilishi. Ukiandika rufaa ya hii ya pili mkaguzi ataona ya kwanza nyuma yake atakataa, na wewe utasema hawasomi. Anza na ile ya KWANZA. Ingia kwa imeili ya zamani, kwenye ukanda mwekundu kuna `Contact us`, fomu ya rufaa iko huko. Ya pili iache kimya, usiguse.

Yule wa rufaa anataka kujua nani anamiliki biashara, nani analipa, kwa nini malipo yalionekana ya ajabu na umerekebisha nini. Andika kwa Kiingereza chepesi, aya mbili zinatosha, bila kulia na bila kutisha na wanasheria. Mfano: biashara ni ya kuongoza wageni, imesajiliwa Uganda, kadi ilikuwa ya ndugu wa mke anayeishi Kenya na alitoa ruhusa, sasa kadi yangu mwenyewe iko tayari. Na useme kwamba akaunti nyingine yenye namba fulani ulifungua wewe na hutaitumia tena. Hiyo wanaijua tayari, ukiificha ndipo unaonekana mwongo.

Weka tayari karatasi hata kama hawajaomba: kitambulisho cha taifa, cheti cha usajili wa biashara cha URSB, na taarifa ya benki inayoonyesha jina lako na kadi, zile namba za kati uzifunike. Jina kwenye wasifu wa malipo liwe herufi kwa herufi kama kwenye kitambulisho. Wengi wanaangukia hapo, kitambulisho kina majina matatu, benki ina mawili, kwenye akaunti kaandika jina la kampuni.

Mtembezi256:
Kadi ya shemeji ina ubaya gani? Angeweza kuandika barua kwamba ananiruhusu.

Fundi_Matangazo:
Nimeona watu wakipita na kadi ya ndugu, sikatai. Ila wakitaka uthibitisho ni mwenye kadi atatoa karatasi zake, na yuko Nairobi. Na VPN ulikuwa unatumia?

Mtembezi256:
Ya Facebook tu. Inakaa imewashwa muda wote, nikizima nasahau kuwasha.

Fundi_Matangazo:
Haya angalia picha wanayoiona wao. Biashara Kampala, kadi ya Kenya yenye jina lingine, na anayeingia anatokea Uholanzi leo, kesho Singapuri. Mwizi wa kadi anafanana hivyo hivyo. Bajeti ulipandisha?

Mtembezi256:
Nilianza na dola 5 kwa siku, msimu ulipokaribia nikaweka 80. Si ndio biashara?

Afande_Mstaafu:
Kutoka tano hadi themanini, hata mke angekuuliza umetoa wapi.

Kachumbari_Kali:
Nyie mnaliwa muda. Mimi nasema hii hadithi ni ya kutunga. Mwanzo hana kosa, mara akaunti mbili, mara kuna kijana anauza akaunti zisizofungwa, subirini kidogo atatuletea namba yake inboksi, ni tangazo hili. Halafu nimeifungua hiyo websaiti aliyoweka kwenye wasifu wake, eti kibali cha sokwe dola 600. Mtu anayepeleka wageni Bwindi hajui bei? Ilikuwa 700 tangu Julai 2020 na tangu Julai 2024 mgeni wa nje analipa 800. Huyu hajawahi hata kufika Kisoro.

Mtembezi256:
Wewe Kachumbari heshima! Nimelala Rushaga, Buhoma naijua kama chumbani kwangu. Hiyo bei ni ya zamani, binamu hajabadilisha, na mgeni akinipigia namwambia bei ya kweli kabla hajalipa. Na sijamtangaza mtu, jina la huyo kijana nimelitaja wapi?

Mama_Gomesi:
Jamani msimtukane, mwenye shida haongei kwa mpangilio.

Kachumbari_Kali:
Mama wewe unaamini kila mtu. Na nembo ya mamlaka ya wanyamapori pale chini ya ukurasa amepewa na nani?

Fundi_Matangazo:
Awe wa kweli au wa kutunga, Kachumbari katusaidia, mimi sikufungua websaiti na nilipaswa kuanza huko. Mtembezi USITUME rufaa leo. Mkaguzi akifungua akakuta 600 wakati bei rasmi ni 800, kwake huo ni udanganyifu wa bei, hajui habari za binamu. Na nembo ya UWA inasema wewe ni wao au mshirika wao, kama huna karatasi itoe. Utatoka kwenye shimo la malipo uingie la kupotosha wateja. Rekebisha bei, toa nembo, weka ofisi ilipo na simu inayopokelewa, leseni ya bodi ya utalii kama unayo, masharti ya kurudisha hela. Fungua kurasa zote kwa simu ambayo haijawahi kuingia humo, kwa data sio waifai yako, uone kama hazikurushi kwingine. Ndipo utume. Mara moja. Usitume tano kwa siku moja kama ninavyoona watu, hazikuwahishi, na wakikataa rufaa inayofuata iwe na kitu kipya, sio maneno yaleyale.

Ikirudi, VPN usiingie nayo kwenye akaunti, tumia brauza tofauti kabisa kwa Facebook. Bajeti ipande pole pole, na bili za mwanzo zilipwe bila kadi kugoma. Na binamu usimpe paswedi, mwongeze kama mtumiaji kwa imeili yake, siku mkigombana unamtoa tu.

Kijana_wa_Ntinda:
Hayo yote ni sawa lakini itachukua muda, na msimu haumsubiri. Mimi ningempigia muuza akaunti.

Fundi_Matangazo:
Muda ni kweli, wengine wanajibiwa siku chache wengine zaidi, na kukataliwa kupo hata ukifanya vizuri. Sikuahidi Mtembezi. Kwa mwezi huu waandikie wageni wa zamani wakutumie wenzao, na zile lodji unazolaza watu.

Mtembezi256:
Bei nimebadilisha, nembo binamu anatoa kesho, anasema ilikuwa inapendeza. Fomu ya akaunti ya kwanza nimeiona, nitatuma karatasi za benki zikitoka. Lakini bado nasema ya pili hawakupaswa kufunga. Sasa ile laki 3 ya yule kijana naipataje?

Afande_Mstaafu:
Alikupa risiti?

Mtembezi256:
Nilituma kwa mobile money.

Kachumbari_Kali:
Jina lililotokea wakati unatuma lilikuwa lake?

Mtembezi256:
La mwanamke fulani. Alisema ni dada yake.