Mtoto wa miaka kumi anaumwa visigino: kocha anamwita mvivu, zahanati inamfunga plasta!

Bi Mkubwa wa Tandika

Wana jukwaa, nawasalimu kwa heshima, ila leo nina hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mwanangu ana miaka kumi na anapenda mpira kuliko chakula. Visigino vyote viwili vilianza kumuuma kipindi alichokuwa akirefuka kwa kasi, hata suruali za shule zikawa zinamwacha vifundo nje. Uwanjani anajikaza, lakini mchezo ukiisha anachechemea, na jioni anatembea kwa vidole ili kisigino kisiguse sakafu. Kocha wake alimwambia mbele ya wenzake kwamba anadeka, kisha akamwongezea zoezi la kuruka kamba ili eti miguu ikomae. Maumivu yakazidi.

Tukaenda zahanati. Hakuna aliyemshika mguu. Tulipelekwa moja kwa moja kwenye eksirei ya mguu wa kulia, tukaambiwa mfupa wa kisigino umepasuka vipande, mguu ukafungwa plasta, na mtoto akakatazwa michezo mwaka mzima. Nikauliza: kama umevunjika bila kuanguka wala kupigwa, mbona na wa kushoto unauma vilevile? Nilijibiwa kwamba mama usibishane na picha.

Baadaye daktari mwingine, mtu mzima mtaratibu, alikibana kisigino cha kushoto kwa viganja, upande huu na huu, na mtoto akauvuta mguu kwa kelele. Akaiangalia ile eksirei, akasema hakuna kilichovunjika: kipande cha nyuma ya kisigino bado hakijaungana na mfupa mkubwa, na kwa watoto wa umri huu huonekana cheupe na chenye mipasuko hata kama hakiumi. Plasta ilipofunguliwa, shavu la mguu lilikuwa limekonda na kukaza kama kamba. Nani atanilipa kwa hilo? Na sasa mtoto acheze au asicheze, maana kila mtu ana lake?

Kocha wa Mtaa

Pole, mama. Hata hivyo, msitubebeshe makocha mzigo wote. Mimi nina watoto zaidi ya thelathini na filimbi moja, nitamjuaje anayeumwa kweli na anayekwepa mbio? Sisi tulicheza chandimu peku juu ya changarawe na tuko wazima. Ushauri wangu ni mmoja: apumzike kabisa mpaka maumivu yaishe, kisha arudi na kuendelea na ratiba yake kama kawaida.

Mzee wa Baraza

Mimi pia kisigino kinaniuma asubuhi nikishuka kitandani, hatua za kwanza ni kama nakanyaga msumari. Nilichomwa sindano kisiginoni nikapata nafuu. Bi Mkubwa, mpeleke kijana naye achomwe.

Mnyoosha Viungo

Mzee wangu, shikamoo. Yako ni ya utu uzima, iko kwenye unyayo, na mfupa wako ulishamaliza kukua zamani. Huyu ni mtoto, na sindano ya namna hiyo haichomwi kwenye sehemu ya mfupa inayokua. Tusichanganye.

Bi Mkubwa, mimi ni mfiziotherapia na watoto wa aina hii nawaona mara kwa mara. Tatizo lenyewe lina jina la daktari Mmarekani, James Sever, aliyelieleza mwaka 1912, kwa hiyo si jambo geni. Nyuma ya kisigino cha mtoto kuna gegedu laini ambako mfupa unakulia. Kwa juu inavutwa na ule mshipa mnene unaotoka kwenye shavu la mguu, na kwa chini inavutwa na utando wa unyayo. Mtoto anaporefuka haraka, mfupa unatangulia na misuli inachelewa, kwa hiyo mvuto unakuwa mkali. Ukijumlisha kila anaporuka na kila anapokimbia kwa kasi, ile sehemu inachokozeka. Hakuna kuvunjika, na mfupa ukishaungana wote, kwa kawaida kwenye miaka 14 au 15, tatizo hili linakoma.

Sasa nikujibu, Kocha. Umepatia nusu: mzigo upungue. Ulipokosea ni kumpumzisha kabisa halafu kumrudishia ratiba yote siku moja, kwa sababu misuli iliyokaa bure inarudi ikiwa dhaifu na imekaza zaidi, na wiki mbili baadaye tunaonana tena. Bi Mkubwa, naomba ratiba ya mtoto ya wiki nzima, usiache kitu.

Bi Mkubwa wa Tandika

Jumatatu na Jumatano ni mazoezi ya shule, maana wanajiandaa na UMITASHUMTA. Jumanne na Alhamisi ni akademi. Jumamosi ni mechi. Na kila jioni chandimu na wenzake, akiwa na kandambili au peku.

Mnyoosha Viungo

Umeona? Kocha wa shule anahesabu siku mbili, wa akademi anahesabu mbili, na hakuna anayehesabu chandimu. Kisigino kinahesabu vyote.

Mimi ningeanza hivi. Abaki na siku mbili za mazoezi zisizofuatana, apige pasi na kumiliki mpira, lakini asiruke kamba wala asikimbie mbio fupi za kasi. Siku nyingine aogelee au aendeshe baiskeli. Kipimo ni mtoto mwenyewe: maumivu madogo, kama tatu katika kumi, yanavumilika iwapo kesho yake asubuhi yameisha, akianza kuchechemea, anatoka uwanjani dakika hiyohiyo. Akikaa wiki nzima bila kuchechemea, ongeza kitu kimoja tu: kwanza mbio za polepole, wiki inayofuata mbio za kasi na kugeuka, kuruka kuje mwisho.

Njumu za soli nyembamba kwenye uwanja mgumu ni adui mkubwa. Mvalishe raba zenye kisigino kinene, na weka pedi ya kama sentimita moja ndani ya viatu vyote viwili, hata kama mguu mmoja ndio unauma zaidi. Akimaliza mchezo, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15. Shavu la mguu linyooshwe taratibu akiwa ameegemea ukuta, ila zoezi hilo likimuuma kisiginoni aliache kwanza.

Kocha wa Mtaa

Pedi nimeziona kwa watoto kadhaa na sikuona tofauti yoyote.

Mnyoosha Viungo

Wapo wasionufaika nazo, sikatai. Mzigo usipopunguzwa, hata pedi ya dhahabu haitasaidia.

Mama Pili

Samahani kwa kuingilia. Wangu ana miaka tisa, ana sikoseli, na kisigino kimoja kinamuuma hata usiku akiwa amelala, tena kimevimba na ana joto. Nami nimnunulie pedi?

Mnyoosha Viungo

Hapana, dada, hiyo ni habari nyingine kabisa. Maumivu tunayozungumzia hapa huletwa na mchezo na hutulia kwa kupumzika. Kisigino kinachouma usiku, kilichovimba, na homa juu yake, tena kwa mtoto mwenye sikoseli, huenda ni maambukizi ndani ya mfupa. Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje asubuhi.

Mama Pili

Tunatoka.

Bi Mkubwa wa Tandika

Mungu akutangulie, Mama Pili, utujulishe.

Nimeinakili ratiba nitawapelekea makocha wote wawili. Wa akademi amekubali kwa simu. Wa shule amenijibu kwamba nafasi ya mwanangu kwenye kikosi haitasubiri pedi, kwa hiyo Jumatatu nakwenda kwa mwalimu mkuu na eksirei mkononi. Na ile zahanati bado nadai fedha ya plasta. Kama kuna anayejua malalamiko ya namna hii yanapelekwa wapi wilayani, anielekeze.