Naomba ushauri: neno NAKALA juu ya hati linaharibu usomaji

Wakuu, niko hapa Dodoma naskani hati za zamani zenye vimistari vya kijani nyuma ya maandishi, sasa Tesseract inavisoma kama herufi, sehemu tupu inaleta "illi vvi" na Kondoa inatoka "Kandooa". Nikaskani kwa rangi, dpi 300, nikachukua chaneli ya kijani tu:

```
magick hati.png -channel G -separate g.png
```

Hapo kijani kinapauka wino mweusi unabaki, afadhali sana. Shida ni NAKALA ya kijivu iliyokatiza mshazari, kijivu kiko sawa chaneli zote so hakitoki, na nikifuta kila kilicho chepesi kuliko nyeusi, herufi nyembamba nazo zinaenda. Kinachoniogopesha, jina likikosewa bado linaonekana jina kabisa, hushtuki. Mnaitoaje bila kula herufi?