Duka letu la miaka yote limegeuzwa usiku mmoja, mamangu akarudi na kikapu kitupu

MwanaBarani: Wana Malindi, leo natapika nyongo. Lile duka la vyakula la familia, lenye matawi mpaka Mambrui, mnalijua, silitaji. Wajukuu wamelishika. Ijumaa likafungwa, Jumatatu likafunguliwa na kibao cha kijivu chenye jina ambalo hata kulitamka siwezi. Mamangu ana miaka 74 na macho yamepungua. Hasomi vibandiko. Yeye anajua samli iko kushoto ukiingia, chini ya feni, kwenye kopo la njano. Sasa pale pana mashine ya kahawa! Akachukua sabuni tu, akalipa kwa simu, ujumbe ukaja na jina la kampuni asiyoijua. Akaiacha hiyo sabuni kaunta, akarudi nyumbani akilia kuwa ametapeliwa. Na kijana wa kaunta alicheka.

Pweza_Mkavu: Mashine ya kahawa wanauza bei gani?

MwanaBarani: Toka hapa!

Kijana_wa_Maweni: Pole kwa mama, lakini duka lilikuwa vumbi tupu. Wasingebadilika, maduka makubwa yangewameza. Hata Koka-Kola walibadili jina 1985.

AmiMizani: Si jina mwanangu, walibadili ladha, na haikufika miezi mitatu ile ya zamani ikarudi. Mfano unaofaa hapa ni juisi ya Tropicana, Marekani, 2009. Walitoa kwenye pakiti picha ya chungwa lililochomekwa mrija. Juisi ni ile ile, ila mauzo yakashuka kama asilimia 20 kwa muda usiozidi miezi miwili, wakarudisha pakiti ya zamani. Wengi hawakuitambua tena rafuni.

Nimesimamia maduka miaka mingi. Kubadili jina si dhambi. Hawa wamebadili jina, rangi, rafu na jina la kwenye malipo kwa siku moja, mzee hana pa kushika. Ungeanza na tawi moja. Rangi ya kijani ya zamani ibaki, jina la zamani liandikwe chini ya jipya, na samli, mchele na unga visihamishwe mwaka huo. Jina la kwenye simu libandikwe kaunta kabla halijaanza kutumika. Na usipime kwa mauzo ya jumla, maana msimu wa wageni huficha hasara. Fungua daftari la mkopo, uone nani alikuwa akija kila wiki na sasa haonekani.

BintiLangoni: Kwetu Lamu mwenye duka alibadili kila kitu, ila alimwacha mzee wake wa mizani pale pale mlangoni. Nyanya yangu mpaka leo hajui kama jina limebadilika.

Kijana_wa_Maweni: Ami, kijani kikibaki, sisi vijana tutajuaje kuna kipya?

AmiMizani: Hapo sina jibu la haraka. Nimeona wakibadili ndani kwanza, taa na friji, kibao kikafuata baadaye. Wengine iliwasaidia, wengine la.

MwanaBarani: Hilo daftari, ami, wamelifuta. Mama alikuwa na deni la 640 humo. Jana amenituma nikalilipe, na pale hakuna anayejua nimlipe nani.