Mwenye nyumba anakula kodi mara mbili kwa chumba kimoja!

Wakuu, nina hasira hapa nilipo.

Niliingia chumba na sebule huku Tabata tarehe 12 Machi. Kodi 250,000 kwa mwezi, nikalipa miezi sita. Mei kazi ikanihamishia Dodoma, nikamwambia mzee mapema, na tarehe 3 Juni nikakabidhi funguo. Tarehe 20 Juni kaingia mpangaji mwingine kwa 280,000, naye kalipa sita! Jirani ndiye aliyenitonya, maana mzee kwenye simu alikuwa bado analia chumba kiko wazi.

Nikadai changu. Sikieni hesabu yake: Machi, Aprili, Mei, Juni, umekaa minne. Julai ni ya notisi. Inabaki Agosti, toa laki na nusu ya rangi. Eti nichukue laki moja!

Kibonge wa Mbagala: Pole. Mwezi ukishauanza umeisha huo, usidai. Ila baada ya hapo hana haki ya kukata hata mia.

Mama Fremu: Mimi nina fremu Kariakoo, nilitoa kilemba, nikaondoka kabla ya mwaka. Kilemba nacho kinahesabiwa kwa miezi?

Kibonge wa Mbagala: Dada, kilemba fungulia uzi wake.

Babu Mikataba: Mwezi wako haukuanza tarehe 1, ulianza tarehe 12. Kwa hiyo wa tatu uliisha 11 Juni, na mitatu hukuigusa: 750,000. Lakini Kibonge, kukata anaweza, kwa sababu aliyevunja mkataba ni mpangaji. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa fidia ya hasara aliyoipata kweli. Chumba kilikaa bure kuanzia tarehe 12 hadi 19 Juni, siku nane. Gawa 250,000 kwa 30, zidisha kwa nane, ni kama 66,700. Akitaka na Julai, aeleze alipoteza nini Julai wakati mtu alishaingia. Rangi iliyofifia kwa kukaa tu si deni lako, ukuta ulioharibu ni wako. Mkataba unasemaje?

Mwanzisha uzi: Una mstari mmoja: "kodi ikilipwa hairudishwi." Nilisaini juu ya boneti ya gari la dalali, sikusoma.

Babu Mikataba: Hapo amekushika pabaya. Chumba kingebaki wazi hadi Septemba, nisingekupa matumaini. Kwa kuwa kakipangisha tena, una la kubishania, japo sikuahidi ushindi. Mwandikie barua ya madai yenye tarehe zote, ubaki na nakala aliyoipokea kwa saini, kisha mwende kwa mwenyekiti wa mtaa mkasuluhishwe. Na yule mpangaji mpya mbembeleze akubali kusema aliingia lini, maana maneno ya jirani tu mzee atayakana.

Mwanzisha uzi: Barua naandika usiku huu. Ila rangi... mwanangu alichora tembo ukutani sebuleni. Mkubwa.